Blokcheni na eksel ya pamoja: tofauti niliyoijulia kwenye kikoba

"Wakuu, kila mtu anasema blokcheni ni daftari la pamoja. Sasa ofisini kwetu tuna eksel ya mtandaoni, watu kumi tunaandika humo humo, na hiyo si daftari la pamoja? Tofauti iko wapi, kwa lugha ya kawaida jamani."

Mkuu, ukiangalia mistari yenyewe huwezi kuona tofauti, fulani katoa kiasi fulani tarehe fulani, basi. Ishu ni nani anaweza kurudi nyuma akabadilisha mstari wa miezi sita iliyopita na nyie msijue. Hili mimi nilifundishwa na kikoba.

Tulikuwa watu 14, daftari letu lipo kwenye eksel ya mtandaoni, mweka hazina ndo mwenye faili na sisi wengine tumepewa link ya kuangalia tu. Kuna dada mmoja aliweka 150,000 mwezi wa 3, wote tuliiona imeandikwa. Mwezi wa 9 tunapiga hesabu za kugawana, kwake panasoma 50,000. Tukasema hamna shida, tuangalie historia ya mabadiliko, ile wanaandika Version history, kumbe ukiwa na ruhusa ya kuangalia tu huioni kabisa mpaka upewe ruhusa ya kuhariri. Mweka hazina akatupa hiyo ruhusa, tukafungua, historia inaanzia mwezi wa 8! Alikuwa amebonyeza Make a copy, akatutumia link mpya akisema faili la zamani limekuwa zito, na kopi mpya haibebi historia ya lile la mwanzo, na lile la mwanzo alishalifuta. Yule dada aliponea kwenye meseji ya muamala iliyokuwa bado kwenye simu yake, angetoa keshi mkononi ilikuwa imekula kwake.

Kwa hiyo eksel ya pamoja ni ya pamoja kwenye kusoma na kuandika tu. Faili ni moja, mwenyewe ni mmoja, na historia nayo iko mikononi mwake.

Sasa njoo kwenye blokcheni. Kitu cha kwanza ni heshi, ichukulie kama alama ya kidole ya maandishi. Unaingiza maandishi yoyote, inatoka namba ndefu ya urefu ule ule, na ukigusa hata herufi moja inatoka namba nyingine kabisa. Kama una Linux jaribu mwenyewe:

```
printf 'hello' | sha256sum
printf 'Hello' | sha256sum
```

Ya kwanza inaanza na 2cf24dba, ya pili 185f8db3, na kilichobadilika ni h ndogo kuwa H kubwa tu.

Halafu badala ya mistari kukaa kila mmoja kivyake, unaikusanya kwenye mafungu, hayo ndo mabloku, na kila fungu jipya unaliandikia ndani yake heshi ya fungu lililotangulia. Yaani fungu la mwezi wa 4 limebeba alama ya kidole ya mwezi wa 3, la mwezi wa 5 limebeba ya mwezi wa 4, na kuendelea. Mtu akigeuza 150,000 kuwa 50,000 kwenye mwezi wa 3, heshi ya mwezi wa 3 inabadilika, haifanani tena na ile iliyoandikwa ndani ya mwezi wa 4, mnyororo umekatika na unaona kabisa umekatikia wapi.

Hapa ndo wengi wanaishia wakielezea na ndo wanapokosea. Mweka hazina wetu angekuwa mjanja angegeuza mwezi wa 3, akapiga upya heshi ya mwezi wa 4, ya 5, mpaka ya 9, kompyuta inamaliza kabla hujapepesa jicho, na mnyororo ungekuwa mzima kabisa. Mnyororo peke yake haukulindi na mtu mwenye faili zima. Kinachokulinda ni wengine kuwa na heshi ya zamani mahali ambapo yeye hafiki.

Na hili lilijulikana kabla ya Bitcoin. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta waliandika jinsi ya kuthibitisha kwamba nyaraka ya kidijitali ilikuwepo tarehe fulani na haijaguswa, na kampuni yao ya Surety kuanzia 1995 ikawa inachapisha heshi kila wiki kwenye matangazo madogo ya gazeti la New York Times. Mimi nilipoisoma hii ndo kichwa kilifunguka, maana ukitaka kudanganya inabidi ukakusanye magazeti yote yaliyoshauzwa, ya kwenye maktaba na ya kwenye majumba ya watu, hata wao wenye kampuni hawawezi!

Bitcoin, ambayo fungu lake la kwanza ni la tarehe 3 Januari 2009, ikachukua wazo hilo ikaondoa gazeti. Maelfu ya kompyuta duniani kila moja inatunza daftari zima, na fungu jipya likija kila moja inalikagua yenyewe kabla ya kulipokea. Lakini sasa kama hakuna mweka hazina, nani anaandika fungu linalofuata? Wanashindana kutafuta fungu ambalo heshi yake inaanza na sifuri nyingi, na hakuna njia ya mkato zaidi ya kujaribu mabilioni kwa mabilioni ya namba, umeme unateketea kweli kweli, kwa wastani anapatikana mshindi kila dakika 10. Hapo sasa kugeuza fungu la zamani maana yake urudie kazi hiyo kwa fungu hilo na yote yaliyofuata, tena uwakimbie wenzako wote ambao wanaendelea mbele. Kile ambacho mweka hazina wetu angefanya kwa sekunde moja, hapa kinamgharimu mtu kuliko atakachoiba.

Ila kuna jambo lazima niliseme. Mweka hazina angepokea keshi 150,000 akaandika 50,000 tangu siku ya kwanza, blokcheni ingeutunza huo uongo vizuri sana. Kwa Bitcoin inafaa kwa sababu hela yenyewe iko ndani ya daftari, lakini gunia la mahindi, kiwanja au noti ya mkononi viko nje, na lazima kuna binadamu anayeviingiza. Kwa hiyo nyie watu kumi wa ofisi moja mnaoaminiana, na bosi mmoja, bakini na eksel yenu.

Sisi kikoba hatukwenda kwenye blokcheni, tuliiba wazo la gazeti tu. Kikao kikiisha faili linashushwa kama CSV, linapigwa heshi, na faili pamoja na heshi vinatupwa kwenye grupu la wasap ili kila simu ibaki na yake. Kwenye Windows ni hivi:

```
certutil -hashfile kikao-04.csv SHA256
```

Tulishapata mshtuko mara moja, heshi haikulingana na watu wakaanza kunyoosheana vidole, kumbe mwenzetu alifungua lile faili kwenye eksel akalisevu tena, ikabadilisha jinsi tarehe zilivyoandikwa wakati hela zote ni zile zile. Tukachukua faili lililokuwa kwenye simu ya mwingine ambalo halijafunguliwa, tukalipiga, heshi ikatoka ile ile. Kwa hiyo mkifanya hivi hakikisheni mnapiga heshi faili lililotoka moja kwa moja kwenye grupu, sio lililosevuliwa upya.