Makala yenye posti niliyoifuta

"Nilifuta posti yangu, lakini blogu moja imeinakili yote na jina langu lipo. Nimwandikieje mwenye blogu?"

Pole sana ndugu. Mwandikie barua pepe fupi: weka kiungo kamili cha makala, nukuu aya zilizo zako, eleza kwamba posti ya asili umeifuta na inakudhuru vipi ikibaki pale. Usianze na vitisho vya mahakama, maana wengine hugeuza barua yako kuwa makala ya pili.

Akikataa kufuta, omba kilicho chepesi kwake: aondoe jina lako, au aweke hii kwenye ukurasa ili Google isiuonyeshe:

```
<meta name="robots" content="noindex">
```

Akishafuta, dondoo la zamani laweza kubaki kwenye matokeo ya utafutaji. Hapo peleka kiungo kwenye zana ya Google iitwayo Refresh Outdated Content.