Mwendo wa 5:40 na bado saa mbili zimevuka: hesabu ya kilomita 21.0975

"Wakuu, lengo langu lilikuwa nusu marathoni chini ya saa mbili. Saa yangu inasema wastani 5:40 kwa kilomita, umbali 21.37. Muda rasmi wa chipu ni 2:01:05. Njia yao ilikuwa ndefu, au saa inanidanganya?"

Mkuu, anza kwa kuzidisha namba zako mwenyewe. Kilomita 21.37 kwa sekunde 340 ni kama sekunde 7,266, yaani 2:01:06. Kwa hiyo kwenye muda, saa yako na chipu wanakubaliana kabisa. Ugomvi wao uko kwenye umbali peke yake: saa imehesabu mita 272 zaidi ya zile ambazo waandaaji wanakudai. Ukigawa muda wako rasmi kwa umbali rasmi, mwendo wako halisi ulikuwa 5:44, na wa kuingia saa mbili kamili ni 5:41.27. Hapo ndipo dakika yako ilipopotelea.

Umbali rasmi ni kilomita 21.0975, nusu ya 42.195. Ile 42.195 ilitokana na njia ya Olimpiki ya London 1908, ikaja kufanywa kipimo rasmi cha marathoni mwaka 1921, ndiyo maana nusu yake ina mkia wa ajabu namna hiyo. Kwenye hesabu ya mwendo, zile mita mbili na nusu za mwisho hazina madhara, ukiandika 21.1 unakosea chini ya sekunde moja. Anayeumia ni yule anayeandika 21. Saa mbili ukigawa kwa 21 unapata 5:42 na ushee, na mtu akienda 5:42 kamili kwenye njia iliyopimwa sawasawa anamaliza 2:00:15. Mita 97.5 zilizosahaulika zinakula zaidi ya nusu dakika.

Hesabu yenyewe ni hii, na inafaa kwa lengo lolote:

```
sekunde za lengo / 21.0975 = sekunde kwa kilomita
7200 / 21.0975 = 341.27  ->  5:41.27
```

Kwa 1:45 utapata 4:58.6, kwa 1:30 ni 4:15.95, na kwa 2:15 ni 6:23.9.

Sasa, mpango wako wa 5:40 ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kilomita 21.0975 kwa mwendo huo ni 1:59:33, kwa hiyo ulikuwa na akiba ya sekunde 27. Lakini sekunde 27 kwa 5:40 zinalipia mita 79 tu. Saa yako ilihesabu mita 272 za ziada. Akiba iliisha kabla hujafika mbali, wewe ukiangalia kioo cha saa na kuona mambo yanakwenda vizuri.

Hizo mita zinatoka wapi? Sehemu moja umezikimbia kweli. Nimewahi kusaidia kupima njia ya mbio, na ukishaona inavyofanyika huulizi tena kwa nini saa za watu zinasoma zaidi. Kinachotumika ni baiskeli yenye kihesabio cha Jones kwenye gurudumu la mbele. Kwanza unaipitisha kwenye kipande kilichonyooka ambacho urefu wake umepimwa kwa futi ya chuma, ili ujue kihesabio kinapiga mara ngapi kwa kila kilomita. Baada ya kazi unarudia palepale, kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi inatanuka na gurudumu linabadilika kidogo. Njiani, mpimaji anafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaruhusiwa kuupita. Kwenye kona anabana ndani, sentimita 30 kutoka ukingoni. Barabara ikipinda kushoto kisha kulia, anakata mshazari kutoka ukingo hadi ukingo kana kwamba hakuna mtu mwingine duniani.

Wewe hukukimbia mstari huo, na hakuna anayeweza kuukimbia akiwa katikati ya kundi. Kona ya mraba ukiipita mita tatu nje ya mstari wa mpimaji, umejiongezea karibu mita tano. Ongeza kuyumba huku na huku kuwapita waliotangulia mbele halafu wakachoka, ongeza kuvuka barabara kufuata maji, ongeza kufuata mgongo wa aliye mbele yako hata pale ambapo yeye mwenyewe anakwenda vibaya. Mita zinajaa polepole.

Sehemu ya pili ni ya saa. GPS inakuwekea nukta moja baada ya nyingine, na kila nukta inakosea kwa mita kadhaa, mara huku mara kule. Saa ikiziunganisha inapata mstari wenye vijipindo ambavyo miguu yako haikuvipita. Ndiyo maana barabarani kosa lake mara nyingi ni la kuongeza, hasa karibu na majengo marefu yanayorudisha mawimbi ya setelaiti. Kwa njia ya lami yenye kona za kawaida, saa kusoma 21.2 hadi 21.4 hakunishtui hata kidogo.

Kuhusu njia kuwa ndefu kweli: kidogo ni ndefu, kwa makusudi. Wapimaji huongeza sehemu moja ya elfu ili kosa lolote la upimaji lisiifanye iwe fupi. Kwa nusu marathoni hiyo ni mita 21, takriban sekunde saba kwa mwendo wako. Zaidi ya hapo inabidi pawe na ushahidi. Kosa ninaloliona likitokea siku ya mbio ni koni ya kugeuzia kuwekwa mbele ya alama. Ikisogea mita 50, kila mtu anakimbia mita 100 zaidi, kwenda na kurudi. Hilo huwezi kulionyesha kwa kutazama jumla ya umbali kwenye saa moja. Tazama muda kati ya vibao viwili vya kilomita vilivyozunguka mahali pa kugeuzia, kisha uliza wengine. Kama kila mtu, wa mbele na wa nyuma, amepoteza nusu dakika kwenye kilomita ileile tambarare, waandaaji wana la kujibu. Mimi saa ikisoma pungufu, tuseme 20.8, ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi, kwa kuwa GPS kwa kawaida hukosea upande wa pili. Muda bora wa maisha kwenye njia ya namna hiyo ningeutazama mara mbili kabla ya kuusherehekea.

Basi ufanyeje? Kuna njia rahisi na kuna njia nzuri.

Rahisi ni kuilenga saa kwa mwendo wa kasi kidogo. Saa yako iliongeza asilimia 1.3. Ukichukulia itaongeza hivyohivyo tena, mwendo wa kwenye kioo wa kukufikisha saa mbili kamili ni 5:37, na ukitaka akiba shika 5:35. Udhaifu wake ni kwamba ile asilimia inabadilika kutoka njia moja hadi nyingine. Njia iliyonyooka inaweza kukupa nusu asilimia, na hapo utakuwa umejichosha bure kilomita za mwanzo.

Njia nzuri, na ndiyo ninayoitumia mimi, ni kuiachia saa kazi ya muda tu na kuviachia vibao vya njiani kazi ya umbali. Zima Auto Lap, ile inayokata kilomita yenyewe kwa GPS. Kama huizimi, saa italia kilomita yake mapema kabla ya kibao, na pengo linakua: kwa kosa la asilimia 1.3, ukifika kibao cha 10 saa imeshalia zamani, mita 130 nyuma. Badala yake bonyeza mwenyewe kila unapopita kibao, au usibonyeze chochote na usome tu muda uliokwisha. Saa uiwashe unapokanyaga mkeka wa kuanzia, si mlio wa bunduki unaposikika, ili iende sambamba na chipu.

Kwa mwendo wa 5:40 namba ni nyepesi kukumbuka, na mimi huziandika kwa kalamu upande wa ndani wa mkono, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Kibao cha 5 kisomeke 28:20. Cha 10, 56:40. Cha 15, 1:25:00. Cha 20, 1:53:20. Kibao cha 21, kama kipo, ni 1:59:00 kamili, na zile mita 97.5 zilizobaki ni sekunde 33. Kumbuka muda huu ni wa kwenye vibao. Kioo cha saa wakati huo kitakuwa kinakuonyesha 5:36 au 5:37, usikisikilize.

Ila usivisujudie vibao kimoja kimoja. Mstari wa kumalizia umepimwa kwa uangalifu, lakini kibao cha kilomita mara nyingine kimefungwa kwenye nguzo iliyokuwa karibu. Ukiona kilomita moja imesoma 5:22 na inayofuata 5:58, hukuruka wala hukulala, kibao cha katikati ndicho kimekaa vibaya. Jumla yake ni 11:20, sawasawa na mpango. Anayekosea ni yule anayeona 5:58 akapaniki na kuongeza moto. Ndiyo maana naandika kila kilomita tano, kosa la kibao kimoja linayeyuka humo.

Mazoezini, nenda kwenye uwanja wa riadha uujue mwendo bila GPS kabisa. Mzunguko wa mita 400 kwa 5:40 ni dakika 2:16. Kimbia njia ya kwanza, ya ndani, kwa kuwa njia ya pili inakuongezea mita saba hivi kwa kila mzunguko. Usitazame saa mpaka umefunga mzunguko. Ukiweza kurudia 2:15 hadi 2:17 mara nyingi mfululizo kwa kubahatisha na miguu tu, siku ya mbio utajua kilomita ya kwanza imekwenda haraka kabla kibao hakijakuambia.

Hesabu ya mwisho unaifanya kwenye kibao cha 20. Hapo imebaki kilomita 1.0975. Kama saa inasoma 1:53:50, una dakika 6:10 mkononi, na mwendo unaotakiwa ni 5:37, karibu ule ule uliokuwa nao, ongeza kidogo tu. Ikisoma 1:54:15, zimebaki 5:45 na utahitaji 5:14, kwa hiyo anza kusukuma palepale kwenye kibao, kwa sababu ukingoja mpaka uone mstari wa kumalizia, mita zilizobaki hazitatosha kurudisha sekunde hizo.