Wakulima 36 wanafika, wa 37 anazamisha wote

Miaka michache nyuma nilimwandikia mnunuzi wa mwani programu ndogo ya kituo chake cha upande wa Micheweni, huku Pemba. Jioni karani wa mizani anabonyeza kitufe, orodha ya siku inakwenda ofisini Mjini, Unguja. Kila mkulima ana mstari mmoja: namba yake, kilo, bei na saa. Mistari yote niliilinganisha urefu, baiti 40 kila mmoja. Orodha nzima niliituma kama ujumbe mmoja wa UDP, njia ya mtandao inayotuma bila kungoja jibu. Nikiri kwamba ulikuwa uvivu: UDP unatuma kwa amri moja tu na kazi imekwisha.

Ikaenda vizuri mpaka bamvu la kwanza. Mwani huvunwa maji yakitoka sana, ukaanikwa, ukakauka, halafu kinamama wanakuja na magunia yao siku zinazofuatana. Siku hizo ndizo ripoti zilizopotea. Tajiri akanipigia: "Maalim, jana Micheweni hawakuuza kitu?" Nikamuuliza karani. "Tumepima mpaka magharibi, kaka, mkono hauinuki."

Kila mtu akaituhumu bahari. Mawimbi ya redio ya laini yetu yanavuka maji, na bamvu linabadili kimo cha maji, basi mawasiliano yanavurugika. Si upuuzi, kwa sababu mawimbi hayo kweli hudunda juu ya uso wa bahari. Nilipoteza wiki mbili nikipima laini mchana na usiku, maji yakijaa na yakitoka. `ping` ilirudi kila mara.

Siku moja nikaziweka orodha za kituoni na zilizofika ofisini ubavu kwa ubavu, nikahesabu mistari. Zote zilizofika zilikuwa na wakulima 36 au pungufu. Yenye 37 haikufika hata moja. Bahari haijui kuhesabu mpaka 36.

Hesabu yake ni hii. Laini yetu ilipitisha pakiti isiyozidi baiti 1500. Kichwa cha IP, anayebeba pakiti kutoka mashine hadi mashine, kinachukua 20, cha UDP 8, zinabaki 1472 za mzigo. Wakulima 36 ni baiti 1440, wanaenea. Wakulima 37 ni 1480, hawaenei. Hapo mashine ya kituoni inaukata ujumbe bila kukwambia, na programu yako haioni kosa lolote. Niliyaona haya nilipokaa kituoni na kuendesha amri inayoonyesha pakiti zinazopita:

```
tcpdump -vn 'udp port 5005 or ip[6:2] & 0x1fff != 0 or icmp'
```

Sehemu ya pili ya kichujio hicho usiisahau. Ukiandika `udp port 5005` peke yake, utaona kipande cha kwanza tu. Kilichotoka, nikiacha maneno ya pembeni, ni hiki:

```
id 5120, offset 0, flags [+], proto UDP (17), length 1500
id 5120, offset 1480, flags [none], proto UDP (17), length 28
```

`id` ni jina la ujumbe, vipande vyote vya ujumbe mmoja vinalibeba. `offset` ni mahali kipande kinapoanzia. Alama `[+]` maana yake kuna kingine nyuma yangu. Asiye nayo ndiye wa mwisho. Tazama kipande cha pili: urefu 28, kichwa kikiwa 20. Kimebeba baiti nane tu.

Upande wa ofisini nikaendesha amri hiyohiyo. Kipande cha kwanza kilifika, cha pili hakikuonekana.

Sasa mpokeaji anajuaje kuwa kuna kilichopungua? Anavikusanya vyenye `id` moja na kuvipanga kwa `offset`. Ujumbe haujatimia mpaka awe na kipande kisicho na `[+]`, na kuanzia sifuri hadi mwisho wa hicho kusiwe na pengo. Kikikosekana cha katikati analiona pengo na upana wake. Kikikosekana cha mwisho, kama kwetu, hajui hata ujumbe ulikuwa wa urefu gani. Kinachoudhi ni kwamba ndani ya kile kipande cha kwanza, kwenye kichwa cha UDP, urefu kamili umeandikwa. Lakini kazi ya kuunganisha ni ya IP, na IP hafungui barua ya mwenzake.

Kisha IP haombi kutumiwa tena. Anangoja tu. Kwenye Linux anangoja sekunde 30, halafu anatupa vyote alivyonavyo. Baiti 1480 zilizofika salama zikatupwa kwa sababu ya nane. Kama kipande cha kwanza kilifika, humrudishia mtumaji taarifa, na nilipobaki nikiangalia skrini ya kituoni niliiona, nusu dakika baadaye: `ip reassembly time exceeded`. Programu yangu ilikuwa imeshafunga zamani. Pale ofisini ushahidi ulikuwa umelala kwenye hesabu za mashine siku zote:

```
nstat -az | grep Reasm
```

`IpReasmTimeout` ilipanda kila siku yenye ripoti iliyopotea. Ningeanzia hapo, wiki mbili zingebaki.

Aliyekimeza kipande cha pili ni ruta ya ofisi. Kichujio chake kiliruhusu porti 5005 tu, yaani mlango wa programu yangu, na namba ya porti iko kwenye kipande cha kwanza peke yake. Vinavyofuata havina porti, kwa hiyo vilionekana wageni wasio na barua. Fundi angeweza kuvifungulia mlango, lakini sikutaka ripoti itegemee ruta ya mtu.

Kwanza nikakata mwenyewe: mistari 29 kwa kila ujumbe, na mbele yake tarehe, namba ya kipande na jumla ya vipande. Siku ya wakulima 95 ikawa vipande vinne. Kwa kuwa kila kipande kilitaja jumla, hata cha nne kikipotea ofisi ilijua inadai nini, ikakiomba. Lakini vikipotea vyote ofisi haijui kuwa kuna deni, kwa hiyo nikaongeza jibu la "nimepata". Jibu nalo likipotea? Nikaongeza kurudia. Hapo nikagundua ninaiunda upya TCP, njia inayohakikisha yenyewe kila baiti imefika, tena vibaya.

TCP inahesabu baiti zenyewe. Mpokeaji akipata za 1 hadi 1460, kisha za 2921 na kuendelea, anajibu "naingoja 1461", na atalirudia jibu hilo kwa kila kipande kinachofika mbele ya pengo. Likirudiwa mara tatu, mtumaji anatuma tena bila kungoja saa yake. Ujumbe mfupi kama wangu huenda usiwe na vipande vya kutosha kufikisha mara tatu, basi saa ndiyo inayoamua, na mara nyingi ni chini ya sekunde. Isitoshe, TCP hukata kwa kipimo cha laini tangu mwanzo, na kila kipande kina porti yake, kwa hiyo ruta haina la kukataa.

Ila ukihamia huko jua kuwa TCP haijui ujumbe wako unaishia wapi, inatiririsha baiti tu. Siku ya kwanza nilisoma mara moja nikapata wakulima 36 na nusu ya mstari wa 37. Sasa natanguliza baiti nne za urefu, na ofisi inasoma mpaka zitimie. Muunganisho ukikatika kabla hazijatimia, orodha haihifadhiwi, na kwenye skrini ya karani kitufe kinabaki chekundu.