Surua na hesabu ya chanjo

"Mbona surua wanataka watoto 95 kwa 100 wachanjwe, nusu si ingetosha?"

Haitoshi, ndugu. Mtaani pasipo na kinga yoyote, mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu 12 hadi 18. Chukua 15: ili asiambukize zaidi ya mmoja, 14 kati yao lazima wawe na kinga, yaani asilimia 93 hivi. Na hapo tunahesabu kinga, si sindano. Dozi ya miezi 9 hushika kwa watoto kama 85 kati ya 100, kwa hiyo hata wote wakiipata, bado hamjafika. Ndiyo maana kuna ya miezi 18, ile wazazi husahau. Halafu wastani wa Nairobi nzima hudanganya: ploti moja Mathare iliyojaa watoto wasiochanjwa, surua itaenea humo hata wastani ukiwa mzuri.