Nianze na ipi kwenye ∫ x³e^(x²) dx?

"Nibadili kigeu au niintegreti kwa sehemu? Mwenzangu anasema palipo na polinomia ni kwa sehemu tu."

Mwenzako yuko nusu sahihi, kwani hapa unahitaji zote mbili. Tazama kwanza kipeo: derivativu ya x² ni 2x, na x moja unaichomoa kwenye x³. Weka u = x², ibaki ½∫ u e^u du. Hapo ndipo uintegreti kwa sehemu, ukipata ½e^(x²)(x² − 1) + C.

Ukianza kwa sehemu na dv = e^(x²) dx, utakwama, maana intigrali hiyo haiandikiki kwa funksheni za kawaida. Lakini kwenye ∫ x³ sin x dx, ndani ya sin kuna x tupu, kwa hiyo nenda kwa sehemu mara 3, ukinyambua polinomia kila mara.