Jukwaa la mirunda linayumba

"Wakuu, napiga plasta nyumba yangu hapa Moshi. Jukwaa linayumba fundi akipanda, na kamba zinashuka. Nifanyeje?"

Mkuu, mshushe fundi kwanza. Linayumba kwa sababu halina miti ya mshazari. Nguzo na miti ya kulala peke yake hufanya pembe nne, na pembe nne hulalia upande. Weka mirunda miwili inayokatana kama X upande wa nje. Funga kila ncha kwenye nguzo, karibu na mti wa kulala, kisha funga pale inapokatana.

Kamba kushuka ni ufungaji. Anzia fundo kwenye nguzo, chini ya mti wa kulala. Zungusha nguzo na mti huo mara 4, ukivuta kila mzunguko. Halafu, na hapa wengi huruka, pitisha kamba mara 3 katikati ya miti hiyo miwili, ukiikaba mizunguko ya kwanza mpaka isisogee kabisa. Malizia fundo kwenye mti wa kulala.

Mirunda mibichi husinyaa ikikauka, kwa hiyo kagua kila asubuhi. Kamba ikisogea kwa kidole, ifungue uifunge upya. Mbao zipite mti wa mwisho sentimita 15 hivi, zisizidi sana. Ukikanyaga ncha ndefu, ubao unabinuka.