Maswali na majibu: Pini zinazoleta wageni kwenye blogu na dukani

Nina blogu ya mapishi ya Pwani. Pini zangu za Pinterest zinaonekana mara maelfu kwa mwezi lakini kwenye blogu hawaingii watu. Tatizo ni nini? (Mpishi, Tanga)

Acha kwanza kuangalia "Impressions". Namba hiyo inasema tu kwamba pini, yaani picha yenye kiungo uliyoiweka Pinterest, ilipita mbele ya macho ya mtu. Fungua takwimu za pini mojamoja uangalie mambo matatu: "Saves" ni waliohifadhi, "Pin clicks" ni walioigusa wakaifungua kwa ukubwa, na "Outbound clicks" ni waliotoka Pinterest wakaingia kwako. Hii ya mwisho ndiyo unayoitafuta, na zile mbili zinakuonyesha wanapoishia njiani.

Chukua pini ya vitumbua. Kama hata wanaoifungua ni wachache, shida iko kwenye picha yenyewe: haisimami ikiwa ndogo kwenye simu. Kama wengi wanaihifadhi lakini hawaji, huenda umeshawapa kila kitu. Nimeona pini nyingi za mapishi zenye vipimo vyote vimeandikwa juu ya picha, unga kiasi fulani, nazi kiasi fulani. Mtu akishaisoma hana sababu ya kuja. Na kama wanaifungua ila hawaendelei, kagua kiungo. Mara nyingi kinaelekea ukurasa wa mbele wa blogu, wakati mgeni anataka vitumbua, na ni lazima atue kwenye vitumbua.

Sasa itengeneze upya. Picha iwe ya wima, pikseli 1000 kwa 1500, yaani uwiano wa 2:3. Ukiirefusha zaidi ya hapo inaweza kukatwa ikipita kwenye orodha. Piga kitumbua kimoja kwa karibu, kimepasuliwa katikati ili vitundu vya ndani vionekane, kwa mwanga wa dirishani. Juu weka utepe wa rangi moja, na ndani yake maneno machache: "Vitumbua vinavyoiva hadi ndani". Maneno hayo yanagusa shida ambayo kila mpika vitumbua anaijua, na jibu lake liko kwenye blogu kweli. Usiyaandike moja kwa moja juu ya chakula, hayatasomeka. Ukimaliza, punguza picha kwenye simu hadi upana wa vidole viwili. Usipoweza kuisoma, kuza herufi au punguza maneno. Jina la blogu likae chini, dogo.

Nauza vikapu vya ukili na wateja wangu wengi wako Ulaya. Maelezo ya pini niyaandike kwa Kiswahili? (Muuzaji, Zanzibar)

Andika kwa lugha anayotafutia mnunuzi. Pinterest watu wanaitumia kutafuta, na mashine yake inaangalia picha pamoja na kichwa cha pini, maelezo yake na ubao, yaani mkusanyiko wa pini, ulikoiweka. Mjerumani hatafuti "kikapu cha ukili" kwa sababu hakijui. Anatafuta, kwa lugha yake, kikapu cha nguo chafu, au chombo cha kupandia maua sebuleni. Andika maneno ya mwanzo ya utafutaji kama huo kwenye kisanduku cha kutafutia uone Pinterest inakumalizia na nini. Hayo ndiyo maneno wanayotumia watu. Lile linalolingana na bidhaa yako liweke mwanzoni mwa kichwa, maana kwenye simu mwisho wa kichwa mara nyingi hauonekani. Habari za ukili, wasusi na kijiji zifuate kwenye maelezo, maana ndizo zinazokutofautisha na kikapu cha kiwandani.

Picha nayo ifuate utafutaji huo. Kikapu kile kile kipige kikiwa na nguo bafuni, kisha kikiwa na mmea kando ya kochi. Hizo ni pini mbili kwa wanunuzi wawili tofauti, na zote zinakwenda kwenye ukurasa mmoja wa bidhaa. Mbao nazo zipe majina ya kutafutika. Ubao unaoitwa "Vitu nivipendavyo" hauiambii mashine chochote.

Nataka kujiandaa na Ramadhani. Nianze lini, na niweke pini ngapi kwa siku? (Mwenye blogu, Mombasa)

Anza mapema kuliko unavyodhani. Pini huchukua wiki kadhaa kukaa sawa kwenye utafutaji, na watu wa Pinterest hupanga mambo yao kabla ya wakati. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Ukianza mwezi ukishaandama, pini zako zitakomaa wenzako wanakula pilau ya Idi.

Tuseme una mapishi matano ya futari: tambi, kaimati, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga na sambusa. Kila moja itengenezee pini nne tofauti, jumla 20. Tofauti ninayoitaka ni ya picha na ya wazo, kubadili rangi ya utepe hakutoshi. Kaimati moja iwe inadondoshewa shira, nyingine iwe bakuli lililojaa mezani, ya tatu ionyeshe donge likiingia kwenye mafuta, ya nne izungumzie kaimati zinazobaki ngumu nje.

Anza Jumatatu tarehe 14 Desemba 2026, uweke Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ukiyazungusha mapishi kwa zamu. Kiungo kimoja kitarudi baada ya siku 11 au 12, na pini ya mwisho itatoka tarehe 27 Januari, muda ukingalipo. Unapotengeneza pini chagua tarehe ya baadaye badala ya kuichapisha papo hapo. Mimi hupendelea kupanga za wiki mbili kwa kikao kimoja, kisha naangalia zilizotoka kabla ya kupanga nyingine.

Tatu kwa wiki zinatosha kabisa kwa mtu anayepika, kupiga picha na kuandika peke yake. Kumwaga pini 20 siku moja halafu kupotea mwezi mzima ni kupoteza kazi nzuri: zinashindana zenyewe kwa zenyewe, nawe huna nafasi ya kujifunza ipi imefanya vizuri. Na kumbuka Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya mwaka jana usiinakili ilivyo.

Kuthibitisha tovuti kwenye Pinterest kunazuia watu kuiba picha zangu? (Mwenye duka, Nairobi)

Hakuzuii. Kunaiambia Pinterest kwamba tovuti ni yako, na takwimu zako zinaonyesha hata pini ambazo wengine wamezihifadhi kutoka kwako. Unahitaji akaunti ya biashara, ambayo ni bure. Utapewa mstari kama huu wa kubandika ndani ya `<head>` ya tovuti, ukiwa na namba zako:

```html
<meta name="p:domain_verify" content="NAMBA_ZAKO"/>
```

Mtu akichukua picha yako akaiwekea kiungo chake, Pinterest ina fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Hifadhi picha asili kama ilivyotoka kwenye kamera, ndiyo ushahidi wako.

Nifute pini za zamani zisizoleta watu? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Pini huweza kulala miezi kisha ikaamka msimu wake ukifika. Futa tu ile ambayo kiungo chake kimekufa na huwezi kukirekebisha, au inayouza bidhaa ambayo hutaileta tena.